Kochi la zamani: ulivalishe upya au ununue jingine?

Karibu kila wiki natumiwa picha ya kochi la mtu mmoja, limepigwa kwa mbele, kitambaa kimechanika, takia limebonyea katikati. Chini yake swali ni lile lile: "Fundi, hili linafaa kuvalishwa au ninunue jipya?" Kwa picha hiyo siwezi kujibu. Inanionyesha kitambaa, na kitambaa kitatoka. Sponji itatoka, mikanda ya kikalio itatoka. Kitakachobaki ni fremu, na ndiyo itakayokupa jibu. Ukitaka nikujibu kwa picha, lipindue kochi miguu juu, upige huko.

Nitazungumzia zaidi lile kochi la mbao lenye mikono wazi na matakia mawili ya kutoa, la kukalia na la kuegemea. Ndilo lililojaa kwenye sebule za wazazi wetu, na ndilo watu wanalorithi. La kuvalishwa lote, ambalo mbao hazionekani, kanuni zake ni hizo hizo ila inabidi uvue kwanza ndipo uone. Nitasema pale linapotofautiana.

Andaa hivi kwanza

- Tochi. Ya simu inatosha.
- Futi ya kupimia, na kijiti kilichonyooka kinachozidi upana wa kochi.
- Bisibisi bapa nyembamba na koleo ya kung'olea pini.
- Karatasi nyeusi kubwa, au mfuko mweusi wa plastiki uliokatwa ukafunguliwa.
- Mzani wa jikoni.
- Daftari na kalamu.
- Kitambaa cha kufunika pua, maana vumbi la kochi la miaka ishirini si la kuchezea.

Ukaguzi wenyewe ni wa saa moja hivi, isipokuwa kipimo cha wadudu kinachotaka wiki nzima. Usinunue kitambaa kabla ya kumaliza. Wapo wanaokuja karakana na mita tano za veluveti mkononi, halafu fremu inakutwa imeliwa.

Hatua ya 1: Toa matakia, lipindue, vua kitambaa cha chini

Lilaze kochi kwenye mkeka, miguu juu. Kwa chini huwa kuna kitambaa chepesi cheusi au gunia lililopigiliwa pini, kazi yake ni kuficha vumbi tu. Ng'oa pini upande mmoja, likunjue, umulike ndani. Kwa kochi lililovalishwa lote hapa ndipo pekee unapoweza kuona fremu bila kuharibu kitu, kwa hiyo ng'oa pande tatu.

Usikimbilie kusafisha. Vumbi lilivyokaa, unga ulivyojikusanya kwenye kona, vipande vya sponji vilivyodondoka, vyote hivyo ni taarifa. Piga picha kabla hujagusa.

Hatua ya 2: Jua ni mbao gani

Usiamini rangi ya juu. Paini ikipakwa rangi ya mninga na vanishi, kwa mbele inaonekana mninga kabisa. Angalia sehemu ambazo brashi haikufika, yaani ndani ya mbao za kikalio na chini ya mikono. Kwaruza kidogo kwa bisibisi.

Mninga ukikwaruzwa ni kahawia hadi ndani, na una mistari ya rangi iliyokolea inayofuata urefu wa mbao. Mvule ni wa kahawia ya dhahabu, na mkongo ni mzito na mgumu hata ncha ya bisibisi inateleza. Paini ni nyeupe ya njano, ina macho meusi ya vifundo, na ukucha unaacha alama. Kama ukikwaruza unakuta vipande vya mbao vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi, hilo ni bodi la unga wa mbao, na hapo naweza kukuambia mapema: skrubu ikishalegea ndani ya bodi hilo hairudi kushika. Kochi la fremu hiyo likianza kuyumba usilivalishe.

Mbao ya zamani ina faida moja ambayo huwezi kuinunua kirahisi dukani. Imekauka. Viti vingi vipya vya barabarani, uwe Keko ya Dar es Salaam au Barabara ya Ngong ya Nairobi, hutengenezwa kwa mbao ambayo haijakauka sawasawa, na mbao hiyo itaendelea kusinyaa ikiwa sebuleni kwako. Baada ya kiangazi kimoja unaona ufa kwenye maungio na kiti kinaanza kulia. Kochi lililokaa nyumbani miaka ishirini limeshasinyaa kadiri ya kusinyaa kwake. Kama maungio yake bado yamekaza leo, si rahisi yafunguke kesho kwa sababu hiyo.

Hatua ya 3: Inua kona, kisha tikisa

Lirudishe kochi kwenye miguu yake, kwenye sakafu iliyo sawa. Shika mguu mmoja wa mbele, uinue taratibu hadi kama inchi 6 kutoka sakafuni, huku ukiangalia mguu wa mbele wa upande wa pili. Fremu nzima ikiwa imeshikana, mguu wa pili utanyanyuka wenyewe kabla hujafika hapo. Ukibaki chini, fremu inajipinda, na kuna ungio lililoachia.

Sasa simama nyuma ya kochi, shika mikono yote miwili, sukuma kushoto na kulia, kisha mbele na nyuma. Mwombe mtu amulike kwenye maungio unaposukuma. Unatafuta ufa unaofunguka na kujifunga. Kila ungio linalocheza liandike: mbele kushoto, nyuma kulia, hivyo hivyo.

Hapa tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ungio lililolegea ni pale ulimi wa mbao ungali mzima ila gundi imekufa. Hilo ni kazi ndogo. Linavutwa, gundi kavu inakwanguliwa hadi mbao itokee, inapakwa gundi mpya nyeupe ya mbao, linabanwa kwa kamba iliyosokotwa kwa kijiti, na linaachwa saa 24 bila kukaliwa. Ungio lililovunjika ni pale ulimi wenyewe umekatika ndani ya tundu, au mbao imepasuka kufuata urefu wake. Hapo kipande kizima kinabadilishwa, na kama kipande hicho ni mguu wa nyuma unaopanda hadi kuwa mgongo, hiyo ndiyo kazi ghali kuliko zote katika fremu.

Ukiona misumari ya inchi 3 imepigiliwa kwenye ungio, jua kuna aliyewahi "kulikaza". Msumari haukazi ungio, unapasua ulimi. Hesabu ungio hilo kuwa limevunjika mpaka litakapofunguliwa na kuonekana vingine. Na usikubali mtu amwage gundi mpya juu ya ya zamani. Gundi nyeupe hushika kwa kuingia ndani ya mbao, na gundi iliyokauka haiipi nafasi ya kuingia.

Hatua ya 4: Tafuta wadudu, kisha subiri wiki

Mulika mbao zote za ndani. Matundu ya mviringo ya milimita 1 hadi 2, yenye unga laini chini yake, ni kazi ya bungua. Ukikuta badala ya unga kuna vipunje vigumu vidogo mfano wa mbegu za mchicha, hao ni mchwa wa mbao kavu, wanaoishi ndani ya mbao yenyewe bila kuhitaji udongo. Ukanda wa pwani wanatusumbua sana. Njia za udongo zinazopanda mguuni ni mchwa wa ardhini, nao kwa kawaida wametoka sakafuni au ukutani, kwa hiyo tatizo ni la nyumba kabla ya kuwa la kochi.

Chomeka ncha ya bisibisi kila palipo na matundu, ukisukuma kwa mkono tu. Ikigoma, kilicholiwa ni kidogo. Ikizama kama nusu inchi, mbao hiyo imebaki ganda. Gonga pia kwa mpini, mbao iliyoliwa hutoa sauti ya utupu.

Kuna jambo la mninga ambalo limewafanya wengi watupe fremu nzuri. Gogo la mninga lina moyo wa kahawia na ukanda wa nje uliopauka. Bungua wanapenda ukanda ule uliopauka, lakini moyo hawauwezi. Mafundi wa zamani walikuwa wakibana mbao, wanaacha kiukanda cheupe upande wa ndani usioonekana. Kwa hiyo unaweza kukuta matundu hamsini yamejipanga kwenye ukanda wa upana wa kidole, unashtuka, kumbe mbao iliyobaki haijaguswa. Kabla hujakata tamaa angalia matundu yanaishia wapi. Kama yanaishia pale rangi inapobadilika, fremu hiyo ni nzima.

Kisha jua kama wadudu bado wamo. Gonga kochi lote, fagia unga wote wa zamani, tandika karatasi nyeusi chini, liache wiki nzima mbali na samani nyingine. Karatasi ikibaki safi, yale matundu yana uwezekano mkubwa kuwa ni ya zamani. Ukikuta vilima vipya vya unga au vipunje, bado wanakula.

Wakiwa hai na mbao bado ngumu, fremu inatibika, ila dawa lazima iingie. Vanishi inaondolewa kwa msasa kwanza, ndipo inapakwa dawa ya mbao ya kuchanganya na maji yenye boroni, mara mbili tatu, kwenye mbao tupu. Fuata maelezo ya kopo lake na vaa glavu. Mafuta ya taa ambayo kila mtu atakushauri hubaki juu juu na kupotea hewani, na yanaacha kochi likiwa tayari kushika moto. Oili chafu ya gari ni mbaya zaidi, maana itajichora kwenye kitambaa kipya na harufu haitoki.

Hatua ya 5: Mikanda, springi na kimo

Weka kijiti juu ya kikalio bila takia, kutoka mbao ya upande mmoja hadi mwingine. Bonyeza mikanda katikati kwa kiganja. Ikishuka inchi moja hivi na kurudi ni sawa. Ikishuka inchi 3 na kubaki huko, imekufa. Mikanda ya raba iliyokatwa kwenye tyubu za magari hupasuka pembeni penye misumari, ile ya duka hukauka na kuanza kuchanika ukiikunja. Springi za zigizaga zikiwa zimelala, kwanza angalia vishikio vyake kwenye mbao. Mara nyingi kilichong'oka ni kishikio na springi yenyewe ni nzima.

Chochote utakachokuta hapa, usikitumie kama sababu ya kutupa kochi. Mikanda na vishikio ni sehemu rahisi kuliko zote kubadilisha, na ndiyo inayomfanya mtu aseme kochi "limechoka" wakati tatizo liko kwenye mikanda sita ya raba.

Kitakachokusumbua kweli ni vipimo vya kochi lenyewe. Pima kutoka sakafuni hadi usawa wa takia mtu akiwa amekaa. Inchi 16 hadi 18 zinawafaa wengi. Kama ni la mzazi mwenye magoti mabovu na liko inchi 14, linaweza kuongezwa kimo kwa takia nene zaidi na vipande chini ya miguu, lakini takia likiongezwa zaidi ya inchi 2 au 3 mikono inakuwa imebaki chini na haimsaidii tena kunyanyuka. Kina kikizidi, yaani mgongo haufiki nyuma bila miguu kuning'inia, takia nene la mgongoni linatatua. Upande wa pili haurekebishiki. Kochi jembamba kwa mwili wa mtu halipanuliki, na kitambaa kizuri hakitalibadilisha.

Hatua ya 6: Sponji, na namna ya kutodanganywa

Fungua zipu ya takia la kukalia. Bonyeza sponji kwa ngumi, achia. Kama inabaki na shimo, au ukiifikicha inamwagika unga wa njano, imekwisha. Kwenye kochi la miaka mingi wewe hesabu tu kwamba itabadilishwa yote.

Sponji mpya ndipo fedha za wateja zinapopotelea. Kila muuzaji atakuambia yake ni ngumu. Ugumu na uzito si kitu kimoja. Ipo sponji ngumu lakini nyepesi, inabana vizuri dukani na miezi michache baadaye imelala. Kwa kukalia taka sponji ya kilo 30 au zaidi kwa mita moja ya ujazo. Mgongoni inatosha ya kilo 18 hadi 20.

Namna ya kuhakiki ni mzani wa jikoni. Kipande cha inchi 22 kwa 22, unene inchi 4, kikiwa cha kilo 30 hivi kwa mita ya ujazo, kitakuja karibu na kilo moja kamili. Mzani ukisoma nusu kilo, umepewa sponji ya mgongoni kwa bei ya kukalia. Pima mbele ya muuzaji, hana la kusema.

Na sponji ya zamani usiichome uani. Moshi wake una sumu. Ikusanye na taka nyingine zizolewe.

Hatua ya 7: Pima kitambaa, kisha andika hesabu

Vitambaa vingi vya makochi vina upana wa inchi 54. Kwa kochi la matakia mawili, takia la kukalia la 22 kwa 22 kwa 4 na la mgongoni la 22 kwa 20 kwa 4, hesabu inakwenda hivi. Ongeza inchi moja ya mshono kila kipande. Juu na chini ya kikalio ni vipande viwili vya 23 kwa 23, vinakaa sambamba kwenye upana wa 54, kwa hiyo vinakula inchi 23 za urefu. Vya mgongoni vinakula 21. Kuta za pembeni za kila takia zinatoka kwenye vipande viwili vya upana wa inchi 5 vinavyokatwa kukatiza kitambaa, hiyo ni 10 na 10. Jumla inchi 64. Ukinunua mita 2, sawa na inchi 78 na ushee, inabaki ya zipu na ya makosa.

Kitambaa cha maua makubwa au mistari kinataka kama nusu mita zaidi, ili ua likae katikati ya kila takia. Veluveti vipande vyote vielekee upande mmoja, la sivyo takia moja litaonekana jeusi na jingine limepauka. Kochi lililovalishwa lote ni habari nyingine, weka mita 5 hadi 7, na hapo gharama ya kitambaa peke yake inaweza kugeuza uamuzi.

Kitenge kwenye takia la kukalia usiweke. Ni chepesi, mshono unafunguka. Ngozi bandia ya bei ndogo kwa joto na unyevu wa pwani hubanduka maganda, na ikishaanza haina dawa.

Sasa panga hesabu zako pande mbili. Upande mmoja andika gharama zote za kulifufua kochi: fremu, dawa, mikanda, sponji, kitambaa, zipu na uzi, vanishi, ufundi, na usafiri wa kwenda na kurudi. Upande wa pili andika bei ya kochi jipya la mbao ya aina ile ile. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibikia. Watu hulinganisha ukarabati wa mninga na bei ya kochi jipya la paini, halafu wanasema ukarabati ni ghali.

Kipimo changu ni hiki. Ukarabati ukiwa chini ya nusu ya bei ya jipya linalolingana, valisha. Ukiwa kati ya nusu na theluthi mbili, valisha kama mbao ni ngumu na vipimo vya kochi vinamfaa mkaaji. Ukivuka theluthi mbili, nunua kochi jipya, isipokuwa kama kochi lina thamani kwako ambayo haiandikwi kwenye daftari. Hilo nalo ni sababu halali, ila liseme wazi usije ukamlaumu fundi kwa bei.

Mfano mmoja hadi mwisho

Dada mmoja wa Mbagala alileta kochi la marehemu baba yake. Alitaka kitambaa tu. "Fundi, sina hela ya mambo mengi, livishe lipendeze." Tulilipindua pamoja. Mninga mtupu, wenye ukanda uliopauka kwenye mbao ya nyuma ya kikalio, na matundu ya bungua yamejaa humo na kuishia hapo hapo. Bisibisi haikuzama. Kwenye kipimo cha kona mguu wa pili ulichelewa kunyanyuka, na tuliposukuma tukaona maungio mawili ya mbele yanafunguka. Hakukuwa na msumari hata mmoja, ilikuwa gundi tu. Mikanda ilikuwa imekufa, sponji inamwagika unga.

Hesabu yake ilikuwa hivi, na bei zichukue kama mfano wa mpangilio, maana kwako zitakuwa tofauti. Sponji ya kukalia shilingi 45,000 za Tanzania, ya mgongoni 25,000. Kitambaa mita 2 kwa 18,000, ni 36,000. Mikanda 8,000. Gundi, msasa na vanishi 15,000. Zipu na uzi 6,000. Ufundi 60,000. Jumla 195,000. Kochi jipya la mninga lenye umbo hilo aliambiwa 420,000, na la paini lililopakwa rangi 220,000.

Alikuwa karibu kulichukua la paini, kwa kuwa tofauti ni 25,000 tu na ni "jipya". Lakini kulinganisha kwa haki ni 195,000 na 420,000, chini kidogo ya nusu. Karatasi nyeusi ilikaa wiki ikabaki safi. Likavalishwa. Kama mguu wa nyuma ungekuwa umevunjika, ukaongeza 70,000, tungefika 265,000, karibu na theluthi mbili, na hapo ningemwambia akalifikirie kwanza. Na kama fremu ingekuwa ya paini yenye maungio yale yale yaliyolegea, jibu lingekuwa kununua jingine bila mjadala.

Angalia pia kwamba kama angeng'ang'ania kitambaa peke yake, angelipa kitambaa na ufundi, na kochi lingebaki limebonyea na linayumba. Kitambaa kinachovutwa na fremu inayocheza hufunguka mishono mapema.

Hatua ya 8: Ukiamua kuvalisha, mpe fundi masharti haya

Nunua sponji na kitambaa mwenyewe, au nendeni pamoja. Andika kwenye karatasi kipimo, unene na uzito wa sponji, na mtie sahihi wote wawili. Weka alama yako ndogo ndani ya fremu kwa kalamu, upige picha, ili linalorudi liwe lile lililokwenda.

Sharti kubwa ni moja: fundi asifunike kitu kabla hujaona. Njoo fremu ikiwa imegundishwa na mikanda mipya imepigwa, rudia kile kipimo cha kuinua kona, ndipo matakia yashonwe. Kikishafunikwa, hutajua kama ndani kuna sponji nzima au chengachenga zilizookotwa sakafuni. Fundi mzuri hakasiriki ukitaka kuona.

Sponji ikatwe imezidi foronya kwa kama nusu inchi kila upande, iingie kwa kubanwa. Ikikatwa sawasawa na foronya, takia litakuwa na mikunjo wiki ya kwanza.

Mambo yakienda kombo

*Kochi limerudi, bado linalia ukikaa.* Sauti ikitoka kwenye kona, ungio halikufunguliwa, lilipakwa gundi kwa nje. Lirudishe. Ikitoka katikati ya kikalio, ni springi inayogusana na kishikio chake. Kipande cha gunia katikati yao kinamaliza.

*Takia linateleza mbele kila ukikaa.* Mbao ya mbele ya kikalio inapaswa kuwa juu kidogo kuliko ya nyuma. Kama mikanda ya nyuma imekazwa kuliko ya mbele, takia litateleza hata ulifunge. Mwambie fundi akaze za mbele.

*Linachezea mguu mmoja sakafuni.* Lihamishie sehemu nyingine kwanza, sakafu nyingi si sawa. Likiendelea, fremu iligundishwa ikiwa imepinda. Tofauti ndogo inasawazishwa kwa kukata mguu mrefu. Ikizidi robo inchi, ungio lifunguliwe upya.

*Vipele asubuhi kwa aliyelala kwenye kochi.* Chunguza mishono ya matakia na nyufa za fremu kwa tochi usiku. Vidoa vyeusi na maganda membamba ni kunguni. Matakia yafungwe kwenye mifuko ya plastiki kabla ya kuyatoa chumbani, na umwambie fundi kabla hujampelekea. Fremu ya mbao tupu inasafishika ikipigwa dawa kwenye nyufa. Kochi lililovalishwa lote lazima livuliwe hadi mbao, na gharama hiyo iingie kwenye hesabu ya hatua ya 7.

*Unga mpya umeonekana chini ya kochi miezi mitatu baada ya kuvalishwa.* Usipulizie dawa juu ya kitambaa. Toa matakia, lipindue, tafuta tundu lililo na unga mbichi, na hapo ndipo msasa na dawa vianze. Kochi la matakia ya kutoa litakuruhusu kufanya hivyo. Lililovalishwa lote litataka pini za chini zing'olewe tena, na ndiyo maana kwa hayo nasisitiza wiki ya karatasi nyeusi isirukwe.